Kubadili sweta kuwa hudi kwenye picha: kuunganisha kwa mkono, kujaza kwa maski au modeli ya kuvalisha?

Anayeuza nguo mtandaoni mara nyingi huwa na picha moja nzuri ya mwanamitindo aliyevaa sweta la kawaida, halafu mzigo mpya unapoingia hutamani mtu yuleyule, katika mwanga uleule, aonekane amevaa hudi. Kubadili fulana kwa fulana hakusumbui sana, kwa sababu umbo la nguo ni lilelile na kinachobadilika ni rangi na maandishi. Sweta na hudi ni jambo jingine. Nguo hizi mbili hufanana kiwiliwili na mikono tu, kisha hudi huleta vitu vitatu ambavyo sweta halina kabisa: kofia, kamba za shingoni na mfuko wa mbele. Ukiangalia picha nyingi zilizobadilishwa vibaya utaona kosa limekaa katika kimojawapo kati ya hivyo vitatu, na kila kimoja huharibika kwa sababu yake.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu. Ya kwanza ni kuunganisha picha kwa mkono ndani ya GIMP au Photoshop, yaani kukata hudi kutoka picha nyingine na kuiweka juu ya sweta. Ya pili ni kufunika sweta kwa maski na kuiachia modeli ya kuchora picha, kama Stable Diffusion, ijaze eneo hilo kwa kufuata maelezo ya maandishi. Ya tatu ni modeli za kuvalisha, kama IDM-VTON na CatVTON, ambazo hupokea picha ya mtu na picha ya nguo, kisha humvalisha mtu huyo nguo hiyo.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nitatumia picha moja ya mfano kwa njia zote. Ina upana wa pikseli 768 na urefu wa pikseli 1024. Kijana amesimama akitazama kamera, mabega yake yana upana wa pikseli 300 hivi, mkono wake wa kulia umening'inia na kiganja cha kushoto kimelala tumboni. Mwanga unatoka dirishani upande wa kushoto wa picha. Amevaa sweta la kijivu la shingo ya duara. Hudi tunayotaka kumvisha ni ya rangi ya damu ya mzee, haina zipu, ina kamba mbili bapa za rangi ya krimu zinazotoka kwenye vitundu vyenye pete za chuma, na mfuko mmoja mpana wa mbele wenye midomo miwili ya mshazari.

Vigezo vya kupimia

Kofia ni suala la nafasi. Kofia ya hudi iliyoshushwa hailali bapa mgongoni. Hurundikana nyuma ya shingo, hupanda pande zote mbili za shingo na kuficha ule mteremko unaotoka shingoni kwenda begani. Maana yake ni kwamba kofia hukaa juu ya pikseli ambazo katika picha ya awali zilikuwa ukuta, nywele au ngozi ya shingo, wala hazikuwa sweta. Njia yoyote inayogusa pikseli za sweta peke yake itakupa kitu kinachofanana na skafu iliyobanwa shingoni. Kipimo chake ni rahisi: fuata mstari kutoka chini ya sikio hadi begani, kulia na kushoto, uone kama kuna mkunjo wa kofia unaoendelea kweli hadi nyuma ya shingo, au umekatika pale sweta lilipoishia.

Kamba ni suala la ukubwa. Tukichukulia mabega ya kijana wetu ni sentimita 45, kila sentimita ni takribani pikseli 6.7, na kamba bapa yenye upana wa milimita 7 haifiki pikseli 5. Modeli za jamii ya Stable Diffusion hazichori pikseli mojamoja. Huibana picha kwanza, kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 ukawa chumba kimoja, ndipo uchoraji hufanyika ndani ya vyumba hivyo na matokeo hufunguliwa tena kuwa picha. Kamba iliyo nyembamba kuliko chumba chenyewe haina pa kushikilia. Ndiyo maana kamba huanza vizuri shingoni kisha zikayeyukia kwenye kitambaa, au zikawa tatu, au moja ikatokea katikati ya kifua pasipo na kitundu. Kuzipima, shika ncha ya kila kamba kwa macho na uifuate kwenda juu: lazima ifike kwenye kitundu chake bila kukatika, na vitundu viwili vilingane pande mbili za shingo.

Mfuko ni suala la mahali. Kwa ukubwa hauna shida, kwani mfuko wenye upana wa sentimita 30 chini ni pikseli 200 katika picha yetu, na modeli yoyote inaona kitu cha ukubwa huo. Taabu ni kwamba mfuko hauna budi kukaa juu tu ya mkanda wa kiunoni unaovutika, ufuate katikati ya mwili na si katikati ya picha, ujipinde pale tumbo linapojipinda, na upite chini ya kiganja kilicholala tumboni. Jiulize kama mkono ungeweza kuingia katika kila mdomo wa mfuko. Kama mdomo mmoja ni mstari uliochorwa tu juu ya kitambaa, mfuko huo si mfuko.

Pamoja na hayo kuna uaminifu kwa nguo halisi, yaani kama mteja ataletewa hudi ileile aliyoiona, na mwisho kuna gharama ya muda, vifaa na leseni.

Kuunganisha kwa mkono

Hapa kila kitu hutegemea picha ya hudi utakayoikata. Hudi iliyotandazwa mezani haifai, kwa sababu kofia yake imelazwa bapa na haina kivuli cha shingo. Mvishe mtu mwingine, au sanamu ya kuvalishia nguo, mpige picha akiwa katika mkao unaokaribiana na wa picha ya awali, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile na mwanga ukitoka upande uleule. Mwanga ukitoka upande wa pili usijidanganye kwamba utaigeuza picha kama kioo na mambo yaishe. Kwenye hudi yenye nembo upande mmoja wa kifua, nembo nayo itahama na maandishi yatasomeka kinyumenyume.

Kofia katika njia hii hukaa vizuri kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau: hudi igawanywe katika matabaka mawili. Sehemu ya nyuma ya kofia, ile inayoonekana nyuma ya shingo, huwekwa chini ya tabaka la kichwa na shingo. Sehemu ya mbele, kuanzia pale kingo za kofia zinapokutana kooni, huwekwa juu yake. Kwa hiyo kichwa na shingo ya kijana lazima vikatwe na kuwa tabaka linalojitegemea, na ukataji wa nywele ndio unaokula muda. Ukiweka hudi nzima kama tabaka moja juu ya mtu, kofia itaonekana imebandikwa mbele ya shingo, na hakuna kivuli kitakachoificha aibu hiyo. Baada ya kupanga matabaka, ongeza kivuli cha kidevu juu ya kofia kwa tabaka lenye modi ya Multiply, ambayo hutia giza kilicho chini yake, kwa brashi laini.

Kwenye kamba, njia hii haina mpinzani. Kamba zinatoka katika picha halisi, hivyo zina idadi sahihi, vitundu sahihi na ncha sahihi. Zikate ziwe tabaka lake ili uweze kuzinyoosha zifuate mvutano wa ardhi; mwili ukiwa umeinama kidogo, kamba haziinami nao, huning'inia wima. Kisha nakili tabaka hilo, lijaze rangi nyeusi, lisogeze pikseli 2 au 3 kuelekea kulia kwa kuwa mwanga wetu unatoka kushoto, liweke katika Multiply, lififishe na ulitie ukungu kidogo. Kamba isiyo na kivuli huonekana kama mstari wa kalamu.

Mfuko huja pamoja na kitambaa chake, lakini kiganja kilicholala tumboni kinakulazimu urudie kazi uliyoifanya kichwani: kikate kiganja cha picha ya awali, kiweke juu ya hudi, kisha ukitilie kivuli chembamba upande wa kulia na chini. Umbo la tumbo lisipolingana, zana ya Warp Transform ya GIMP au Liquify ya Photoshop husaidia kuvuta mfuko ufuate mwili. Usivute sana, maana nyuzi za kitambaa nazo hutanuka, na jicho la mteja hulinasa jambo hilo hata kama hawezi kulitaja.

Kwa uaminifu, hudi inayoonekana ni hudi yenyewe. Kwa gharama, GIMP ni ya bure na Photoshop hulipiwa kwa usajili. Hakuna haja ya kompyuta yenye nguvu, ila kuna haja ya mkono uliozoea na saa kadhaa kwa picha moja. Njia hii hushindwa kwa namna moja ya kipekee: sweta la awali likiwa na shingo ndefu iliyofunika koo, hudi itaacha sehemu ya koo wazi na wewe hutakuwa na ngozi ya kuweka hapo. Inamfaa mwenye bidhaa chache, anayehitaji kila mshono uwe wa kweli, na anayeweza kuipiga picha hudi mwenyewe.

Kujaza kwa maski na maelezo

Nachukua mfano wa kiolesura cha AUTOMATIC1111, kwa kuwa majina ya vitufe vyake yanajulikana na wengi, na modeli ya Stable Diffusion iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kujaza maski. Modeli za kawaida pia hujaza, ila huwa wazembe zaidi kwenye mpaka kati ya eneo jipya na la zamani.

Kofia hushinda au kushindwa kwenye maski. Ukifunika sweta kwa kufuata kingo zake, umeshaiambia modeli kwamba hakuna nafasi ya kofia. Katika picha yetu maski ipanuliwe kama pikseli 40 nje ya shingo kila upande, ambazo ni sentimita 6 hivi, ipande hadi karibu na ncha za masikio, na ifunike nywele zote zinazogusa mabega. Uso usiguswe, wala kiganja. Weka "Masked content" iwe "fill" na "Denoising strength", namba inayoamua modeli ibadili picha kwa kiasi gani, iwe karibu na 0.9. Ukiacha "original" na namba ya chini, rangi ya kijivu ya sweta hupenya na unapata hudi yenye rangi ya matope. Maelezo yaandikwe kwa Kiingereza, lugha ambayo modeli hizi zilifundishwa nayo zaidi, na yataje kofia iko katika hali gani:

```
maroon pullover hoodie, hood down behind neck,
two flat cream drawstrings, metal eyelets,
kangaroo pocket, soft window light from left
```

Maneno `hood down` yasipokuwepo, modeli huweza kumvisha kijana kofia kichwani au kuichora ikiwa imesimama kama pazia nyuma ya kichwa. Kwenye kisanduku cha "Negative prompt" andika `zipper`. Hudi ya zipu ina mifuko miwili iliyotenganishwa na zipu katikati, na modeli isipokatazwa hupenda kuchanganya: mfuko mmoja mpana wenye mstari wa zipu unaopita juu yake, nguo ambayo hakuna fundi aliyewahi kuishona.

Kamba katika awamu hii ya kwanza zichukuliwe kuwa ni rasimu. Hata zikionekana nzuri picha ikiwa ndogo, zikuze mara mbili utaona zimevunjika. Tiba yake ni awamu ya pili, na inafanya kazi kwa sababu ileile iliyoziharibu mwanzo. Ipeleke picha kwenye GIMP, chora kamba mbili kwa brashi ya krimu yenye upana wa pikseli 5, kuanzia kwenye vitundu hadi katikati ya kifua, moja ikiwa imezidi nyingine kidogo kama kamba za kweli zinavyokuwa. Rudisha picha, funika kwa maski eneo la kifua peke yake lenye ukubwa wa kama pikseli 250 kwa 250, chagua "Only masked" kwenye "Inpaint area", weka ukubwa wa 768 kwa 768 na "Denoising strength" ya 0.4 hadi 0.5. Programu itakata eneo hilo pamoja na ukingo mdogo unaolizunguka, italikuza kama mara mbili na nusu, italichora upya na kulirudisha mahali pake. Kamba iliyokuwa pikseli 5 sasa ina pikseli 13 hivi wakati wa kuchorwa, imevuka ukubwa wa chumba, nayo hupata nyuzi na kivuli chake. Ukipandisha "Denoising strength" hadi 0.7, modeli itaanza tena kubuni kamba zake na ya kwako itapotea.

Mfuko mara nyingi hujitokeza wenyewe, lakini mahali pake hapana uhakika. Ukiwa na ControlNet, nyongeza inayoilazimisha modeli ifuate mchoro unaoipa, chora mistari michache ya mfuko, midomo yake na mkanda wa kiunoni, uitumie katika modi ya scribble. Mistari minyonge ya mkono inatosha, na hiyohiyo yaweza kuonyesha ukingo wa kofia. Kiganja kilichoachwa nje ya maski hubaki kama kilivyokuwa, jambo jema, ila ukingo wa maski kati ya vidole huacha vipande vya sweta la kijivu. Vipitie vyote kwa kukuza picha kabla ya kuihifadhi.

Kuhusu uaminifu lazima niseme bila kuficha: hudi inayotokea ni hudi ya kubuni. Itakuwa ya rangi ya damu ya mzee na itakuwa na kamba za krimu, lakini upana wa mkanda wa kiunoni, mshono wa bega na umbo la mfuko havitakuwa vya bidhaa iliyo dukani. Ukiwa na kompyuta yenye kadi ya grafiksi gharama yake ni umeme na muda, na majaribio ni mengi maana kila mara hutoka kitu tofauti. Inawafaa wanaotengeneza bango, jalada, mchoro wa wazo au picha ya mhusika wa hadithi, mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayelinganisha picha na nguo mkononi. Pia inawafaa wenye picha ya sweta la shingo ndefu, kwa sababu modeli itaichora ngozi ya koo bila taabu.

Modeli ya kuvalisha

Njia hii imezaliwa na hamu ya kupata uaminifu wa njia ya kwanza kwa wepesi wa ile ya pili. IDM-VTON na CatVTON, zote za mwaka 2024, hujenga juu ya modeli za kujaza maski, ila badala ya kutegemea maneno huisoma picha ya nguo yenyewe. CatVTON huweka picha ya mtu na ya nguo bega kwa bega na kuzichora pamoja. IDM-VTON husoma nguo kwa njia mbili na hupokea pia maelezo mafupi ya nguo hiyo, ambapo ni vyema kutaja kofia, kamba na mfuko.

Kofia ndiyo udhaifu wake mkubwa, na udhaifu huo unatoka sehemu mbili. Kwanza ni maski ya moja kwa moja, ambayo hukadiriwa kutokana na mwili na sweta lililopo. Hufunika kiwiliwili na mikono kwa ukarimu, lakini nyuma ya shingo na juu ya mabega haiachi nafasi ya kutosha. Demo za modeli zote mbili hukuruhusu kuchora maski mwenyewe. Kwa hudi, chora mwenyewe, kwa vipimo vilevile nilivyovitaja kwenye njia ya pili. Pili ni picha ya nguo. Hudi iliyotandazwa na kofia yake ikiwa imenyooshwa juu huonyesha upande wa ndani wa kofia, na modeli haijui kwamba sehemu hiyo inapaswa kuwa nyuma ya shingo. Matokeo yake ni kipande cha bitana, wakati mwingine pamoja na lebo ya ukosini, kilichochorwa juu ya koo la mtu. Ukiona lebo kooni, usihangaike na mipangilio. Badili picha ya nguo. Ivishe hudi sanamu, shusha kofia, vuta kamba zije mbele, piga picha ya uso kwa uso juu ya ukuta mweupe.

Tatizo la kamba ni lilelile la ukubwa, kwa kuwa vyumba vya pikseli 8 vimo humu pia. Tofauti ni kwamba modeli inaona kwenye picha ya nguo kamba ni ngapi na zinatokea wapi, hivyo idadi na mahali pa vitundu huwa sahihi zaidi kuliko kwa maneno matupu. Kinachopotea ni ncha na unyofu. Kamba zenye rangi inayokaribiana na kitambaa hupotea kabisa, ilhali za krimu juu ya damu ya mzee husalimika. Marekebisho ya mwisho hufanywa kwa mkono, au kwa ile awamu ya pili ya kukuza kifua.

Kwenye mfuko njia hii hunipendeza. Umbo, mishono na rangi ya nyuzi hufuata nguo halisi, na mfuko hujipinda pamoja na mwili bila mtu kuvuta chochote. Tahadhari ni kiganja: maski ya moja kwa moja huweza kukila kiganja kilicholala tumboni, kisha modeli ikakichora upya kikiwa na vidole vya ajabu au ikakizamisha mfukoni. Sababu nyingine ya mfuko kuharibika ni picha ya mtu iliyokatwa kiunoni. Modeli hujitahidi kuingiza hudi nzima katika nafasi iliyopo, na mfuko hupanda hadi chini ya kifua. Kumbuka pia kwamba VITON-HD, mkusanyiko wa picha unaotumika sana kuzifundisha modeli hizi, una picha za wanawake waliopigwa kutoka mbele wakivaa nguo za juu. Mtu aliyegeuka ubavu, au aliyekaa akikunja mikono, hutendewa vibaya kuliko aliyesimama wima.

Uaminifu wake uko katikati: rangi, nembo kubwa na mfuko huhifadhiwa vizuri, maandishi madogo na ncha za kamba havihifadhiwi. Kuhusu vifaa, watengenezaji wa CatVTON wanasema inatosha kuwa na kumbukumbu ya kadi ya grafiksi isiyofika gigabaiti 8 kwa picha ya ukubwa wa mfano wetu. Kuhusu leseni, muuzaji asome sentensi hii mara mbili: IDM-VTON na CatVTON zimetolewa kwa leseni ya CC BY-NC-SA 4.0, ambayo hairuhusu matumizi ya kibiashara. Kuzitumia kujifunza au kuamua rangi gani upigie picha ni sawa; kuweka matokeo yake kwenye ukurasa wa mauzo si sawa, na atakayetaka hivyo atafute huduma inayouza haki hiyo. Kwa hiyo, kama zilivyo, zinamfaa mwanafunzi wa mitindo, mbunifu anayelinganisha hudi nyingi juu ya mwili mmoja kabla ya kushona, na mtafiti.

Kwa hali yako

Ikiwa unauza hudi mahususi na mteja atapokea hiyohiyo, na una mtu au sanamu ya kuivisha, chagua kuunganisha kwa mkono. Muda utakaoutumia kukata nywele na kiganja ni mdogo kuliko muda wa kujibizana na mnunuzi anayeuliza kwa nini mfuko wake hauna umbo lile.

Ikiwa picha ni ya bango la tamasha, jalada au tangazo lisilouza nguo, jaza kwa maski, lakini panga tangu mwanzo kwamba ni kazi ya awamu mbili: umbo la hudi kwanza, kamba baadaye. Anayetaka kumaliza vyote kwa mkupuo mmoja atapata kofia nzuri na kamba mbovu, au kinyume chake.

Ikiwa una hudi kumi za muundo mmoja kwa rangi tofauti na unataka kuona ipi inamkaa mwanamitindo kabla ya siku ya kupiga picha, modeli ya kuvalisha itakuokolea kazi nyingi. Chora maski mara moja, ihifadhi, uitumie kwa hudi zote kumi. Kwa njia hiyo tofauti utakazoziona zitakuwa za nguo na si za maski.

Ikiwa nywele za mwanamitindo ni ndefu na zimemwagika mabegani, kofia itasumbua katika njia zote tatu. Hapo kujaza kwa maski kuna nafuu kidogo, maana modeli huchora nywele na kofia kwa pamoja, ilhali kwa mkono utalazimika kukata nywele unyweleunywele, na modeli ya kuvalisha hukata kofia pale nywele zinapoanzia.

Na ikiwa picha ya awali imekatwa juu ya kiuno, au mikono imekunjwa kifuani ikafunika mahali pa kamba na mfuko kwa pamoja, hakuna njia kati ya hizi itakayokuonyesha hudi kamili. Mwite mwanamitindo tena, umvishe hudi yenyewe, kamera ianzie juu ya kichwa na kuishia chini ya nyonga.